Chombo kilichosahau kinaenda wapi

Leo tunaongea juu ya hadisi ya Mwamerika Robert Heinlein, iliyotoka katika gazeti mwaka 1941.

Kuna chombo kikubwa, jina lake Vanguard, kilichotumwa kwenye nyota Proxima Centauri. Ukiondoa jua letu, hakuna nyota jirani kuliko ile, lakini mwangaza wake unatembea miaka 4 na zaidi mpaka utufikie. Voyager 1, ambayo inakimbia kama kilometa 17 kwa sekonde, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwa umbali ule. Njo maana katika hadisi wanaoondoka si wale watakaofika. Wanazaa humo, wanalima humo, wanakufa humo.

Sasa, walisahau namna gani? Wengi tungefikiri vitabu viliungua. Hapana. Kulitokea uasi, wakubwa waliojua kuendesha chombo wakauawa karibu wote, na vitabu vikabaki. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha mtoto kwa kidole: neno hili ni kitu kile pale. Basi wajukuu wanasoma neno «Safari» na kusema ni mfano tu, kama vile mafundisho ya dini. Kwao chombo ni ulimwengu wote, hakuna nje. Hata ile sheria ya fizika, kwamba vitu viwili vinavutana na nguvu inapungua vikiwa mbali, wanaifundisha kama habari ya mapenzi! Tunacheka, lakini angalieni: maneno yanakubali. Wapenzi wakiachana mbali, moto unapungua. Kosa la namna hii halijikwai popote, na kwa hiyo hakuna anayelishtukia.

Kijana mmoja, Hugh Hoyland, anakamatwa na watu wa orofa za juu, anakuwa mtumwa wa Joe-Jim, mtu wa vichwa viwili anayependa kusoma. Joe-Jim anamupeleka chumba cha kuendeshea, anamuonyesha nyota. Hugh anarudi chini, anasema aliyoyaona, wanamuhukumu kifo. Watu wa Joe-Jim njo wanamuokoa.

Mwaka uleule Heinlein aliandika sehemu ya pili. Mkubwa mmoja, Narby, anapelekwa kuona nyota kwa macho yake. Anaishia kusema ni mchezo wa kudanganya watu. Kwetu sisi hapo njo pagumu kuliko pote katika hadisi, kwa sababu Narby si mjinga, ana akili ya kuongoza watu. Hugh na wachache wanakimbia kwa chombo kidogo, wanatua salama. Wengine wanabaki wakienda.

Kitu kimoja hatukubaliani na mwandishi. Wanawake wamo karibu bila sauti. Sisi tuliorudi tunajua nani alitutajia majina ya mito na vilima tusivyoviona bado, jioni, wakati wa kupika. Katika Vanguard hakuna aliyekwenda kuuliza bamama.