Kufiwa na Mwenzetu wa Ghala

Ndugu wafanya kazi, jana usiku mwenzetu wa ghalani aliangukiwa na magunia akafa. Jina lake hatulitaji bado: mama yake hajaambiwa, na wazee waendao kumwambia wako njiani. Twawasihi msipeleke picha kwa simu.

Mjane asitie sahihi wala kidole katika karatasi yo yote kabla hatujaisoma pamoja naye. Kwa sheria ya fidia ya 2007, tajiri hana budi kuarifu serikali katika saa 24, na wategemezi hulipwa mshahara wa miezi 96. Bahasha ya rambirambi si malipo hayo.

Ninyi mliomwinua, kama hamlali, njoni ofisini. Tutawaombea ruhusa mwonane na daktari. Mchango apokea mweka hazina, kwa risiti.