Masafa ya Mshindani wa Kiti cha Magurudumu: Ushahidi wa Gurudumu na Ushahidi wa Mkono



Kiti cha mashindano kina magurudumu matatu, na kanuni za riadha ya walemavu zimeagiza kwamba yale mawili makubwa ya nyuma, tairi zikiwa zimejaa upepo, yasizidi kipenyo cha sentimita 70. Basi aghalabu mkufunzi huitwaa hiyo 70 kama ilivyo, akaizidisha kwa 3.1416, akapata mzingo wa mita 2.199, na kila mzunguko mmoja wa gurudumu akauhesabia masafa hayo.

Natuchukue mfano wa mazoezi ya dakika 10, ambamo gurudumu limezunguka mara 2,000 na mikono imesukuma mara 100 kila dakika. Kwa hesabu ya mkufunzi wetu, masafa ni mita 4,398. Lakini tairi iliyobeba mtu hubonyea, na zaidi ya hayo magurudumu ya kiti hiki yameinamiana kwa juu, hata tairi haigusi ardhi kwa kilele chake bali kwa ubavu, ulio karibu zaidi na ekseli. Dawa yake ni nyepesi: mshindani aketi kitini, tairi itiwe alama ya chaki mahali inapogusa sakafu, kiti kisukumwe kwa unyoofu mizunguko 10 kamili, kisha masafa yapimwe kwa utepe. Tukipata mita 21.70, mzunguko mmoja ni mita 2.17, na masafa ya kweli ni mita 4,340. Nakisi ya mita 58 yaweza kuonekana haba, ila katika marathoni ya mita 42,195 hupita nusu kilomita.

Ama misukumo, hiyo peke yake haitoi masafa hata kidogo, kwa sababu mkono huipiga pete ya kusukumia kwa muda mfupi tu kisha ukaiacha, na gurudumu likaendelea lenyewe. Na penye mteremko mshindani huenda mbali pasipo kusukuma kamwe. Faida yake hudhihiri tukigawanya: mita 4,340 kwa misukumo 1,000 ni mita 4.34 kwa kila msukumo, yaani mizunguko miwili kamili. Ikiwa siku ya pili misukumo imepanda hata 110 kwa dakika ilhali mizunguko imebaki 200, masafa hayakuongezeka hata shubiri. Kilichobadilika ni kwamba kila msukumo sasa wazaa mita 3.95, na hapo mkufunzi atazame upepo wa mbele, glavu zilizolowa zinazoteleza, au mabega yaliyochoka.

Limebaki jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua. Uwanjani tunazunguka kwa mkono wa kushoto, na gurudumu la kulia hupita njia ndefu zaidi. Yakiwa yanagusa ardhi kwa nafasi ya sentimita 70, tofauti ni mita 4.4 kila duru, na katika mita 10,000, zilizo duru 25, hufika mita 110. Kwa hiyo anayefunga sumaku ya kuhesabia kwenye gurudumu moja tu, aandike ni lipi.