Mizunguko Minne na Mgeni Aliyeketi: Mhadhara wa Umma juu ya Ndoa ya Masingasinga



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Mwenzangu mmoja, ninayemheshimu, alidai kwamba Anand Karaj, yaani ndoa ya Masingasinga, ni ndoa ya Kihindu iliyoondolewa moto ikawekewa kitabu. Habari za Punjabi na za mafundi wa reli walioleta dini hii kwetu mnazijua, naziruka.

Nimpe haki yake kwanza. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 familia nyingi za Masingasinga ziliozesha watoto wao mbele ya moto, kuhani wa Kihindu akiongoza. Ni kweli pia kwamba Baba Dyal na wafuasi wake, Wanirankari, walilazimika kuipigania ndoa ya mbele ya kitabu, na sheria ya kuitambua ikapatikana India mwaka 1909. Lakini sheria ilikuja kuthibitisha, haikubuni. Beti nne zinazoongoza mizunguko, ziitwazo Lavan, ni za Guru Ram Das, Guru wa nne, aliyefariki mwaka 1581. Zimo katika Guru Granth Sahib, ukurasa wa 773 na 774. Tena ubeti wa kwanza unazitaja Veda waziwazi, na Masingasinga wanaufasiri hivi: neno la Guru ndilo liwe Veda yako. Mtunzi alijua anachokiacha.

Sasa tutazame kinachotendeka. Baba wa bibi harusi anachukua ncha ya kitambaa cha bwana harusi na kumshikisha binti yake. Msomaji, akiwa nyuma ya kitabu, anasoma ubeti wa kwanza. Maharusi wanasujudu, wanainuka, kisha wanazunguka polepole, mume mbele, kitabu kikiwa kuliani kwao, huku waimbaji wakiuimba ubeti uleule. Wakirudi mbele wanasujudu tena na kusikiliza wa pili. Hakuna mzunguko usiotanguliwa na kusikiliza. Moto katika ndoa ya Kihindu ni shahidi. Kitabu hapa ni mwalimu, na miguu ya maharusi ni jibu lao. Mwenzangu alihesabu hatua, hakusikiliza beti.

Na beti zenyewe hazigawi kazi za mume na mke. Zinasimulia safari ya roho kumwendea Mungu, na maharusi wanaombwa kuifuata wakiwa wawili. Mzunguko wa kwanza ni wa wajibu: kuacha dhambi, kushika uadilifu, kulikumbuka Jina la Mungu. Wa pili ni wa kukutana na Guru wa kweli, ambapo hofu ya dunia inaondoka na uchafu wa nafsi kujikweza unasafishwa. Wa nne ni wa utulivu: roho imempata Mola wake, haina tena la kuhangaikia.

Nimeuruka wa tatu makusudi, maana ndio ninaoupenda. Humo roho inashikwa na shauku ya Mungu hadi mengine yanapoteza ladha, na Guru Ram Das anasema mahali inapompata: katika kundi la watu wema. Yaani mkutano uliokaa pale chini! Kwa hiyo mgeni hatazami tu ibada. Ubeti wa tatu umemwingiza ndani yake. Wapo watakaosema ninavuta maana. Labda, lakini sijasikia hoja ya kunibandua hapo.

Adabu zote za mgeni zinatokana na hilo. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Usiingie na tumbaku wala pombe. Keti sakafuni, miguu ukiikunja isielekee kitabu. Asiye wa dini hii halazimiki kusujudu; akiinamisha kichwa kwa heshima inatosha. Niliwahi kuona, katika ndoa moja Nairobi, mpiga picha akitembea kinyumenyume mbele ya maharusi, akawa kati yao na kitabu, mgongo ameupa msomaji. Msomaji alishusha usinga, akanyamaza, akangoja hadi kijana yule alipoondoka. Hakumkemea.

Kosa kubwa zaidi hutokea baadaye. Mzunguko wa nne ukiisha, wageni wengi wananyanyuka kwenda kutafuta chakula. Ibada haijaisha. Kunaimbwa Anand Sahib, watu wanasimama kwa sala iitwayo Ardas, kisha kitabu kinafunguliwa na kusomwa ubeti unaopokelewa kama agizo la siku hiyo kwa maharusi. Mwisho inagawiwa halua ya unga wa ngano, samli na sukari, inayopokelewa kwa viganja viwili. Ukiona ni nyingi, omba kidogo, usiiache.

Basi mkialikwa, msitoke kabla ya agizo kusomwa. Jikoni watawangoja, na chakula cha gurudwara hanyimwi mtu.