Maji ya Kuchanganya Zege Mchanga Ukiwa na Unyevu

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo kwa wenye ploti, wasimamizi wa mijengo na mafundi wa Kangemi, kuhusu kipimo cha maji kwa kila mchanganyo wa zege msimu wa mvua.



Kila mvua inapoanza mwezi wa Machi, mchanga uliomwagwa kando ya barabara unalowa usiku kucha. Asubuhi fundi anafika, anafungua mfuko wa saruji, anahesabu makarai yake kama alivyofanya jana, kisha anamimina maji yaleyale aliyomimina jana. Kwa macho, kazi ni ileile. Ndani ya mchanganyo, maji yameongezeka kwa lita kadhaa ambazo hakuna mtu aliyezipima, kwa sababu zimeingia zikiwa zimejificha kwenye mchanga. Slabu itakayomwagwa leo itakuwa dhaifu kuliko ya jana, na wapangaji watakaoishi chini yake hawatakuwa na njia ya kujua.

Saruji haikauki kama matope. Inashikana na maji na kugeuka jiwe, na kwa kazi hiyo inahitaji maji ya karibu robo tu ya uzito wake. Maji mengine huongezwa ili zege iweze kusambazwa na kujaza pembe zote za fomu na kuzunguka vyuma. Maji hayo ya ziada baadaye hutoka, na pale yalipokuwa hubaki vitundu vidogo visivyoonekana. Vitundu vikizidi, nguvu hupungua, na maji ya mvua hupata njia ya kufikia chuma na kukiozesha. Mwaka 1918 Duff Abrams, mtafiti wa Chicago, alionyesha kwa majaribio mengi kwamba, zege ikiwa imeshindiliwa vizuri, nguvu yake hufuata hasa uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa saruji. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa uwiano wa maji kwa saruji.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mhandisi akiandika kwenye mchoro kwamba uwiano usizidi 0.50, maana yake ni kilo 25 za maji kwa kila mfuko. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni lita 25:

```
50 x 0.50 = 25
```

Hizo lita 25 ni maji yote yanayoifikia saruji. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba ni maji ya kwenye jerikeni peke yake.

Chukueni mfano wa jengo la orofa tatu linalojengwa kwenye mojawapo ya miteremko ya Kangemi. Slabu inachanganywa kwa kipimo cha saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Kwa mfuko mmoja, mchanga mkavu unaohitajika ni takribani kilo 80, na kokoto ni takribani kilo 150. Mvua imenyesha usiku. Msimamizi anataka kujua mchanga umebeba maji kiasi gani kabla mashine haijawashwa.

Vifaa anavyohitaji vinapatikana mtaani: jiko, sufuria kuukuu, mwiko, na mizani ya dukani inayosoma gramu. Anachota mchanga kutoka sehemu kadhaa za rundo, akiingiza mkono ndani. Haokoti ule wa juu uliopigwa na upepo, wala ule wa chini kabisa unaochuruzika maji. Anauchanganya na kupima gramu 1,000. Anauweka kwenye sufuria juu ya jiko na kuukoroga polepole mpaka ubadilike rangi na uanze kumwagika kama nafaka. Ili ahakikishe umekauka, anashika kipande cha kioo juu yake. Kioo kikipata ukungu, maji bado yapo. Kisipopata, anaupua, anauacha upoe, halafu anapima tena. Safari hii mizani inasoma gramu 943.

Maji yaliyotoka ni gramu 57. Anayagawanya kwa uzito wa mchanga mkavu, si kwa uzito wa kwanza:

```
57 / 943 = 0.06
```

Hiyo ni asilimia 6. Hata hivyo si maji yote hayo yanayofika kwenye saruji. Chembe ya mchanga ina vishimo vyake na hunywa maji kidogo, ambayo hukaa ndani yake. Kwa mchanga wa mto wa kawaida, maji hayo ni takribani asilimia 1 ya uzito wake. Yanayobaki, asilimia 5, yamekaa juu ya chembe na yatachanganyika na saruji mara moja. Kwa kilo 80 za mchanga, hayo ni lita 4:

```
80 x 0.05 = 4
25 - 4 = 21
```

Basi maji ya kumimina asubuhi hiyo ni lita 21. Ni jerikeni moja la lita 20 na chupa moja ya lita 1. Kila mfuko unaofuata unapata kipimo hichohicho mpaka hali ya mchanga ibadilike.

Msimamizi asiyepima angemimina lita 25. Pamoja na lita 4 zilizojificha, saruji ingepata lita 29, na uwiano ungepanda kutoka 0.50 hadi 0.58. Kwa kawaida kupanda huko hupunguza nguvu ya zege kwa kati ya asilimia 15 na 20. Ni kama kununua mifuko mitano ya saruji na kutupa mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo mchanga wenye unyevu hufanya, nalo huwadanganya hata mafundi wenye uzoefu. Maji yaliyo juu ya chembe huzisukuma zitengane, na mchanga huvimba. Kwa unyevu wa asilimia 5 hivi, mchanga unaweza kuongezeka ujazo kwa robo au zaidi. Karai linalobeba kilo 20 za mchanga mkavu linaweza kubeba kilo 17 tu za mchanga wenye unyevu, ingawa limejaa vilevile, na katika hizo 17 kuna maji.

Kwa hiyo msimamizi wa mfano wetu hawezi kuhesabu makarai manne kama siku za jua. Anahitaji kilo 80 za mchanga mkavu pamoja na maji yake ya asilimia 6, jumla karibu kilo 85. Karai lake la asubuhi hiyo lina kilo 17, hivyo anaweka makarai matano yaliyosawazishwa juu kwa ubao. Angeweka manne, mchanga ungepungua, zege ingekuwa na kokoto nyingi zisizo na kitu cha kujaza nafasi kati yake, na fomu ikifunguliwa nguzo ingeonekana na matundu kama sega la nyuki. Mizani kubwa ya kupimia karai si lazima inunuliwe. Wauzaji wa viazi na wa vyuma chakavu wanayo, na kuikodi asubuhi moja kunatosha, kwa sababu baada ya hapo ni kuhesabu makarai.

Kokoto nazo hubeba maji, lakini kidogo, kwa kuwa vipande vyake ni vikubwa. Zikiwa zimetoka kunyeshewa na bado zinang'aa kwa maji, asilimia 1 ya kilo 150 ni lita 1.5, na hizo pia hupunguzwa. Zikiwa zimekaushwa na upepo na hazing'ai, ziachwe bila hesabu. Kinyume chake hutokea Januari, mchanga unapokaa juani siku nyingi. Mchanga mkavu kabisa hunywa maji ya mchanganyo kabla haujatulia, na lita 25 huwa karibu 26.

Kipimo cha asubuhi si cha siku nzima. Jua likiwaka hadi saa saba, juu ya rundo hukauka. Lori jipya likitoka Machakos au Kajiado, mchanga wake unaweza kuwa na unyevu tofauti kabisa. Rudieni kipimo cha sufuria kila lori linapoingia na kila mvua inapokatika. Kufunika rundo kwa turubai usiku hupunguza kazi hiyo, kwa sababu mchanga hukaa na unyevu unaofanana. Kwa mfano huu wa kilo 80, kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka huondoa lita 0.8 kwenye jerikeni.

Mtaambiwa na vijana wa beleshi kwamba zege ya lita 21 ni ngumu kuvuta. Ikiwa vipimo ni sahihi, ugumu huo si sababu ya kuongeza maji. Zege hiyo hutakiwa kushindiliwa kwa mashine ya kutetemesha, si kutiririka yenyewe. Ikiwa kweli haiwezi kuingia kati ya vyuma, mhandisi aulizwe. Akikubali maji yaongezwe, saruji nayo iongezwe: kwa kila lita moja ya maji, kilo mbili za saruji, ili uwiano ubaki 0.50. Maji peke yake hayaongezwi, hata kikombe.

Dalili za maji kupita kiasi huonekana mapema. Zege humwagika kama uji, na mchuzi wa saruji huchuruzika kwenye nyufa za fomu. Baada ya kusawazishwa, maji masafi huja juu na kutuama. Siku chache baadaye uso hutoa vumbi jeupe unapofagiwa, na mipasuko myembamba hutokea. Lakini dalili si kipimo cha nguvu. Hiyo hupimwa kwa vipande vya zege vya milimita 150 kila upande, vilivyojazwa kutoka kwenye mchanganyo uleule na kuvunjwa maabara baada ya siku 28.

Jambo la mwisho lisichanganywe na haya. Zege ikishashika, maji yanakuwa rafiki yake. Slabu ya lita 21 inahitaji kumwagiwa maji na kufunikwa ibaki na unyevu kwa angalau siku 7, ili saruji imalize kazi yake. Maji yanayozuiwa ni yale ya ndani ya mashine. Mwenye jengo akifika asubuhi baada ya mvua, amwulize fundi maswali mawili: mchanga wa leo una unyevu asilimia ngapi, na jerikeni limepunguzwa lita ngapi. Fundi akikosa jibu, saruji isifunguliwe kwanza.