Volti Tano Zisizo Tano: Rejuleta ya Pengo Dogo na Kapasita Yake
Mada iliyowasilishwa katika warsha ya mafundi wa elektroniki, Embu

Mafundi wenzangu, nitaanza na shamba la muguka upande wa Siakago, huko Mbeere, ambako nilifunga kifaa cha kupima unyevu wa udongo na kufungua vali ya maji ya matone. Kilikuwa na betri ya risasi ya volti 6 iliyochajiwa na paneli ndogo ya sola, rejuleta ya 7805, chipu ndogo ya kuhesabu, na kipima unyevu kilichochomekwa ardhini. Vali ilikuwa na betri yake pekee, kwa hiyo mzigo wa rejuleta haukuzidi miliampea 100. Mchana kila kitu kilikwenda sawa. Baada ya wiki moja mwenye shamba akanipigia simu: "Fundi, hii mashine yako inamwaga maji alfajiri, na udongo bado umelowa."

Nilikwenda kwanza kukagua kipima. Kilikuwa kizima. Vali nayo nzima. Kosa lilikuwa katika zile volti 5 nilizoziamini bila kuzipima.

Rejuleta ya 7805 haitoi volti 5 kwa sababu imeandikwa 05. Inazitoa iwapo tu imepewa volti za kutosha upande wa kuingilia. Tofauti ndogo kabisa kati ya volti zinazoingia na zinazotoka, ambayo rejuleta bado inaweza kuifanyia kazi, ndiyo ninayoiita hapa volteji ya pengo. Watengenezaji huipima hivi: wanashusha volti za kuingilia polepole hadi za kutoka zipungue kiasi walichokubaliana, mara nyingi milivolti 100 chini ya kawaida, kisha wanasoma tofauti iliyobaki. Kwa hiyo namba ya pengo mnayoisoma kwenye karatasi ya vipimo ni mahali ambapo rejuleta tayari imeanza kushindwa. Msiipangie kazi mahali hapo hapo, iachieni nafasi.

Pengo la 7805 ni takriban volti 2 kwa mzigo mkubwa, na kama volti 1.7 kwa mzigo mdogo kama wangu. Sababu iko ndani yake. Transista inayopitisha mkondo ni ya aina ya NPN, nyingine ya kuisukuma iko nyuma yake, na mlango wa kila moja unadai zaidi ya nusu volti juu ya volti za kutokea kabla haijafunguka. Ukijumlisha madai hayo na kidogo kinachobakizwa na sakiti inayozisukuma, unafika kwenye volti mbili.

Sasa rudini shambani. Jioni, sola ikiwa imetoka kuchaji, betri ilikuwa volti 7.1 na rejuleta ikatoa 5 kamili. Alfajiri betri ilikuwa volti 6.2. Kwa betri ya volti 6 hiyo ni hali nzuri tu. Lakini ukitoa pengo la 1.7 unabaki na 4.5. Rejuleta ilikuwa imeacha kudhibiti. Imekuwa kama kipande cha ukinzani kinachoifuata betri kila inakokwenda.

Kipima unyevu changu kina rejuleta yake ndogo ndani, kwa hiyo hakikujua habari hizo. Kwenye udongo mbichi kilitoa volti 2.2 jioni na volti 2.2 alfajiri. Ila chipu husoma volti hizo kwa kuzilinganisha na umeme wake yenyewe, katika ngazi 1023. Jioni, 2.2 kwa 5 ilikuwa 450. Alfajiri, 2.2 ile ile kwa 4.5 ikawa 500. Kwa kipima cha aina hii, namba kubwa maana yake ni udongo mkavu, na mimi nilikuwa nimeamuru vali ifunguke ikivuka 480. Udongo haukukauka. Rula ndiyo iliyofupika.

Dawa niliyoichagua ni LM2940 ya volti 5. Rejuleta hii ilibuniwa kwa kufikiria magari, ambamo betri huzama wakati wa kuwasha injini, na miguu yake mitatu imepangwa kama ya 7805: kuingia, adi, kutoka. Unang'oa moja, unachomeka nyingine. Transista yake ya kupitisha ni PNP, na mlango wake huvutwa kuelekea adi badala ya kusukumwa juu ya volti za kutoka. Kinachobaki kama pengo ni ule mteremko mdogo wa transista iliyofunguka kabisa. Karatasi yake inataja nusu volti kwa ampea 1, na milivolti 110 kwa miliampea 100. Angalieni hapo: pengo la PNP hupungua sana mkondo ukipungua, ilhali la 7805 hupungua kidogo tu. Kwangu ina maana kwamba volti 5 zingesimama hadi betri ifike karibu 5.1, na betri ya risasi haifai kuachwa ishuke hadi huko.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Kisanduku kilikuwa kidogo. Karatasi inadai kapasita ya kutokea isiyopungua mikrofaradi 22, nami nikaona ya alumini ni nene mno. Nikaweka ya seramiki, mikrofaradi 22 zile zile, bapa kama punje ya mchele. Kapasita bora zaidi, nikajisemea. Nikapima kwa maltimita: volti 5.00. Nikafunga, nikarudi mjini.

Safari hii maji hayakuja alfajiri; yalikuja wakati wowote. Usomaji uliruka kutoka 430 hadi 490 bila mpangilio, udongo ukiwa ule ule. Rejuleta ilikuwa inatetema, na maltimita ilinionyesha wastani tu wa mtetemo huo.

Ili tuone kwa nini, fikirieni watu wawili kwenye mfereji mrefu. Mmoja yuko kwenye lango la maji, mwenzake yuko mwisho wa mfereji anaangalia kina. Kina kikipungua anapiga kelele, "Ongeza!" Maji yanachukua muda kufika, na yeye anaendelea kupiga kelele. Yakifika yamezidi, anaanza kulia, "Punguza!" Kama wa langoni naye ni mzito wa kusikia, kuchelewa kunakuwa mara mbili, na mfereji utakuwa unafurika na kukauka kwa zamu mpaka jioni, ingawa kila mmoja anafanya kazi yake kwa uaminifu.

Ndani ya rejuleta, anayeangalia kina ni kikuza kinacholinganisha volti za kutoka na volti za marejeo. Kina uzito wake, huo ni ucheleweshaji wa kwanza. Wa pili hutokana na kapasita ya kutokea yenyewe. Katika 7805 transista husukuma mzigo kwa nguvu na kapasita hiyo haiisumbui. Katika PNP umeme hutokea kwenye mguu ambao hutoa mkondo lakini haushikilii volti. Volti hupanda taratibu kadiri kapasita inavyojaa. Kikuza na kapasita wakichelewa pamoja, amri ya "punguza" hufika wakati ambapo ilitakiwa "ongeza".

Kinachookoa ni kitu ambacho tumezoea kukiita kasoro: ukinzani wa ndani wa kapasita, ule ambao karatasi huuandika ESR. Mkondo ukiingia kwenye kapasita yenye ukinzani kidogo, volti juu ya ukinzani huo hupanda papo hapo, kabla kapasita haijaanza kujaa. Ni kama yule wa mwisho wa mfereji kusikia mvumo wa maji kabla hayajamfikia, akanyamaza mapema. Kiwango cha mtetemo ambacho msaada huu huanzia hupatikana hivi, R ikiwa ukinzani kwa omu na C uwezo wa kapasita kwa faradi:

```
f = 1 / (2 x 3.14 x R x C)
```

Chukueni alumini ya mikrofaradi 22 yenye omu 0.3. Mnapata kama kilohezi 24, mahali ambapo kikuza bado kina nguvu na kinauhitaji msaada. Seramiki yangu ilikuwa na kama omu 0.005. Mnapata karibu kilohezi 1,450. Msaada huo ulikuwa unafika baada ya mazishi. Isitoshe, seramiki nyingi za ukubwa ule hupoteza sehemu ya mikrofaradi zao zikishapewa volti, kwa hiyo hata ile 22 haikuwa 22.

Msikimbilie upande wa pili pia. Alumini iliyokauka hufika omu 5 au zaidi, na hapo msaada huanzia chini mno, karibu kilohezi 1.5. Kikuza hubaki na nguvu hadi kwenye mitetemo ya kasi ambako kuna ucheleweshaji mwingine mdogo mdogo uliokuwa umelala, nao unaamka. Ndiyo maana karatasi ya LM2940 ina mchoro wenye mistari miwili, na ukinzani unatakiwa ukae katikati: kwa kukadiria, kati ya omu 0.1 na 1. Kisanduku kinachochomwa na jua la Mbeere hukausha kapasita kwa miaka michache tu, kwa hiyo nunueni zilizoandikwa 105°C, si 85.

Kutambua mtetemo bila osiloskopu kunawezekana. Maltimita za bei nafuu zikiwekwa kwenye AC hazioni kilohezi makumi, kwa hiyo sifuri yake isiwaridhishe. Mimi nilisogeza redio ndogo ya AM karibu na waya wa kutokea, nikasikia mluzi uliobadilika kila nilipobadilisha mzigo. Kisha nikachukua vizuizi viwili vya omu 1, nikaviunga sambamba kupata nusu omu, nikaviweka kwa mfuatano na ile seramiki. Mluzi ukakatika, namba zikatulia kwenye 451 na 452. Nusu omu na mikrofaradi 22 ni kama kilohezi 14.5. Baadaye nilibadilisha kisanduku, nikaweka alumini ya kawaida. Vikapasita vya 0.1 vilivyo kando ya chipu niliviacha; ni vidogo mno kuuficha ukinzani wa ile kubwa. Lakini mkiweka seramiki kubwa sambamba na alumini kwenye mguu wa rejuleta, mmerudi kule kule.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie rejuleta za kisasa zilizotengenezwa kuvumilia seramiki. Zipo, na ni nzuri. MCP1700 hutulia na mikrofaradi 1 tu ya seramiki na hula mikroampea chache, wakati LM2940 inakula kama miliampea 10 bila kazi yoyote, na zaidi ikianza kuzama ndani ya pengo lake kwa kuwa huvuta mlango wa transista kwa nguvu zote. Ila MCP1700 mwisho wake wa kuingilia ni volti 6, na betri yangu ikichajiwa hufika 7.2. Ingekufa siku ya kwanza yenye jua.

Kabla hamjabadilisha kapasita ya mguu wa kutokea kwa sababu tu ya nafasi au bei, fungueni karatasi ya rejuleta hiyo hiyo mtafute mchoro wa ESR. Kama haupo, tafuteni sentensi inayotaja seramiki. Vikikosekana vyote viwili, wekeni alumini au tantali kama iliyotajwa pale, na mrudi na redio.