Ni Nani Aliyeachiwa Mtaro? Jinsi ya Kufuatilia Maazimio ya Mikutano ya Wadi

(Maelezo yaliyotolewa na afisa wa kumbukumbu katika mafunzo ya makatibu wa kamati za wadi. Yamechapishwa hapa ili wakazi wote wayasome.)



Sote tumekaa katika mikutano ambapo katibu husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na tukifika kwenye yatokanayo tunasikia neno moja: "Inafuatiliwa." Mkutano unaofuata tunalisikia tena. Mara nyingi shida si kwamba kumbukumbu hazikuandikwa. Zimeandikwa vizuri na kutiwa sahihi. Shida ni kwamba kumbukumbu hupangwa kwa siku ya mkutano. Ahadi iliyotolewa Agosti imelala kwenye ukurasa wa Agosti, na ifikapo Novemba hakuna anayeufungua ukurasa huo.

Jedwali la ufuatiliaji linakusanya ahadi hizo zote mahali pamoja. Kila hatua inakuwa na mstari wake, na kila mstari unaonyesha mhusika, makataa, rangi ya hali ilivyo, na mwishoni hesabu ya yaliyochelewa kwa kila mhusika. Unaweza kulichora kwenye daftari kubwa kwa rula, au kulitengeneza kwenye Ekseli. Leo nitaeleza linavyotengenezwa na mahali ambapo huanza kudanganya.

Tuchukue mfano wa soko ambalo mtaro wake umeziba. Tuseme mkutano ulifanyika Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, na katibu akaandika hivi: "Ilikubaliwa kuwa idara husika ishughulikie suala la mtaro kabla ya mvua." Sentensi hiyo haiwezi kuingia kwenye jedwali. "Idara husika" si mtu. "Kushughulikia" hakuna mwisho wake. "Kabla ya mvua" si tarehe, na mvua ya masika haitutumii barua kabla ya kufika.

Kabla mkutano haujafungwa, katibu aulize maswali manne. Nani? Afanye nini hasa? Lini? Tutajuaje kwamba amefanya? Majibu yakipatikana, azimio lile moja linageuka kuwa hatua tatu.

Hatua ya 1: afisa wa ujenzi wa kaunti ndogo akague mtaro na kuleta makadirio ya gharama kwa maandishi, makataa Ijumaa 14 Februari. Hatua ya 2: mwenyekiti wa kamati ya soko akubaliane na wachuuzi waliojenga mabanda juu ya mtaro wahamie upande wa pili, na alete karatasi yenye sahihi zao, makataa Ijumaa 21 Februari. Hatua ya 3: msimamizi wa wadi ahakikishe vibarua wamezibua mtaro wote, na wanakamati wawili waende wakauone, makataa Ijumaa 14 Machi.

Angalieni kwamba kila hatua ina mhusika mmoja. Anaweza kusaidiwa na watu kumi, lakini anayeulizwa ni mmoja. Mkiandika wahusika wawili, kila mmoja atamngoja mwenzake. Na kwenye jedwali litakalobandikwa ukutani tuandike cheo, si jina la mtu wala nambari yake ya simu. Afisa akihamishwa, kazi inabaki na kiti.

Sasa rangi. Tunatumia nne. Nyeupe ni hatua ambayo muda wake bado upo. Manjano ni hatua iliyobakiza siku 7 au chini. Nyekundu ni hatua ambayo makataa yake yamepita kabla haijakamilika. Kijani ni hatua iliyokamilika, na mkutano umeona ushahidi. Kanuni kubwa ni kwamba rangi haichaguliwi na mhusika. Ukimwuliza mtu kazi yake iko rangi gani, hatakwambia nyekundu. Rangi itokane na tarehe peke yake.

Kwa wanaotumia Ekseli, tuseme safu ya D ni mhusika, E ni makataa ya kwanza, F ni makataa ya sasa, G ni siku mkutano ulipothibitisha kazi imekamilika, na H ni rangi. Andika hivi kwenye H2, kisha uvute hadi chini:

```
=IF(G2<>"","KIJANI",IF(F2="","HAINA TAREHE",IF(F2<TODAY(),"NYEKUNDU",IF(F2-TODAY()<=7,"MANJANO","NYEUPE"))))
```

Siku ya makataa yenyewe bado ni manjano. Nyekundu inaanza siku inayofuata. Anayetumia daftari atafanya kazi hiyo hiyo kwa kalamu ya rangi kila asubuhi ya mkutano, akiwa na kalenda mkononi.

Turudi sokoni. Mkutano unaofuata ni Alhamisi 6 Machi. Afisa wa ujenzi alileta makadirio tarehe 18 Februari. Amechelewa siku 4, lakini ameleta, na mkutano unayaona na kuyapitisha, kwa hiyo mstari wake ni kijani. Wachuuzi bado hawajahama, kwa hiyo mstari wa mwenyekiti wa soko ni nyekundu, siku 13 zimepita. Na mstari wa kuzibua mtaro? Makataa yake ni 14 Machi, zimebaki siku 8, kwa hiyo ni nyeupe. Ukiutazama peke yake utasema hakuna wasiwasi.

Hapo ndipo jedwali linaweza kutulaza usingizi. Mtaro hauwezi kuzibuliwa na mabanda yakiwa juu yake. Mstari wa 3 ni mweupe kwenye karatasi, lakini umefungwa na mstari wa 2. Kwa sababu hiyo ongezeni safu moja ndogo iitwayo "Inasubiri", na mbele ya hatua ya 3 muandike nambari 2. Mkiona nyekundu, swali la kwanza lisiwe "Nani wa kulaumiwa?" Liwe "Ni mistari gani inausubiri mstari huu?" Nyekundu isiyosubiriwa na kitu inaweza kungoja wiki moja. Nyekundu inayozuia mtaro mwezi wa Machi haiwezi, kwa sababu maji yataingia kwenye magunia ya mahindi na kwenye meza za mboga za akina mama waliolipa ushuru asubuhi hiyo hiyo.

Tuseme mwenyekiti wa soko anaomba muda hadi Jumatano 12 Machi, kwa sababu wachuuzi watatu hawajaonyeshwa mahali pa kuhamia. Ni sababu ya kweli, na mkutano unakubali. Katibu anabadilisha makataa ya sasa, na papo hapo nyekundu inageuka manjano. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuharibu jedwali. Mtu anayeahirisha kila mwezi hataonekana mwekundu hata siku moja. Ndiyo maana tuna safu mbili za tarehe. Makataa ya sasa yanaweza kusogezwa, lakini na mkutano peke yake, na sababu iandikwe. Makataa ya kwanza hayafutwi kamwe.

Hesabu ya yaliyochelewa kwa kila mhusika tunaifanya kwa makataa ya kwanza. Andika cheo kwenye J2, kisha kando yake:

```
=COUNTIFS(D:D,J2,E:E,"<"&TODAY(),G:G,"")
```

Kwa hiyo mwenyekiti wetu, hata baada ya kuongezewa muda, bado anahesabiwa 1. Si adhabu. Ni ukweli kwamba soko liliahidiwa tarehe 21 Februari.

Mambo mawili huiharibu hesabu hii bila mtu kujua. La kwanza ni cheo kuandikwa kwa namna tofauti: hapa "Msimamizi wa Wadi", pale "Msimamizi", kwingine "M/Wadi". Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na madeni yake yatagawanyika. La pili ni tarehe iliyoandikwa kwa mtindo ambao kompyuta inauona kama maneno. Mstari kama huo hautahesabiwa kabisa, hata ukichelewa mwaka. Utaujua kwa macho: kama hukubadilisha mpangilio, tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa kushoto.

Sasa niwaombe mwe waangalifu na nambari hiyo. Tuseme msimamizi wa wadi ana 4 zilizochelewa, na ofisi nyingine ina 2. Ukisoma hapo tu utamlaumu msimamizi. Lakini kama yeye alipewa hatua 20 na wale walipewa 2 peke yake, basi yeye amechelewa moja katika kila tano, na wale hawajatekeleza hata moja. Nambari ya yaliyochelewa isisomwe bila nambari ya yaliyopewa mtu, na bila siku za kuchelewa. Tukiisoma vibaya, watu watajifunza kukaa kimya mkutanoni wasipewe kazi, na asiyejitolea ndiye atakayeonekana msafi.

Pia kuna ucheleweshaji usio wa mhusika. Makadirio yakishafika, na fedha zinangoja idhini ya ofisi nyingine, msimwache msimamizi abebe nyekundu ya mwenzake. Andikeni mstari mpya kwa ofisi inayongojewa, wenye makataa yake. Mkutano ukimwandikia mtu kazi asiyokuwa na uwezo nayo, nyekundu ile ni ya mkutano.

Mwisho, niseme na mkazi ambaye si katibu wala mwanakamati. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iamue ombi lako ndani ya siku 21. Kwa hiyo unaweza kuomba kuliona jedwali la wadi yako, kwa barua ya mistari mitatu tu.

Ukilipata, usianze na rangi. Tafuta kwanza jambo lililokuleta: mtaro, kisima, barabara ya zahanati. Kama halina mstari, basi halikuazimiwa au halikuandikwa, na hilo ndilo la kuuliza barazani. Kama lina mstari, linganisha makataa ya kwanza na makataa ya sasa. Zikitofautiana, soma sababu. Na ukikuta kijani, uliza nani aliyekwenda kuona, kisha nenda ukaone mwenyewe. Mtaro uliozibuliwa hupitisha maji, na jambo hilo halihitaji kompyuta.