Bunduki ya Jambazi Imetoka Ghala la Nani?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa niseme machache juu ya silaha ndogo zinazomilikiwa kinyume cha sheria, na jinsi zinavyoulisha ujambazi katika miji. Kwa kawaida tunapoujadili ujambazi, twataja umaskini, ukosefu wa kazi na malezi mabaya. Mambo hayo yana ukweli wake. Lakini kijana asiye na kazi, na ambaye pia hana bunduki, hawezi kuingia benki mchana kweupe akawalaza watu kifudifudi. Kati ya nia ya kupora na maiti iliyoachwa barabarani kipo chombo. Leo nataka tuulize swali moja tu: chombo hicho kimetoka wapi?

Tukiacha magobore yanayofuliwa na mafundi wa vijijini, bunduki haitengenezwi uchochoroni. Bastola au bunduki ya kivita hutengenezwa kiwandani kwa idhini ya serikali fulani, hupigwa muhuri wa namba yake katika chuma, kisha huuzwa kwa jeshi, kwa polisi, au kwa mtu mwenye kibali. Ni dhahiri basi kwamba karibu kila bunduki haramu ilizaliwa halali. Mahali fulani, siku fulani, ilipita katika mlango ambao haukupasa kuwa wazi. Kazi yetu ni kuutafuta mlango huo.

Mlango wa kwanza ni ghala lililoachwa bila mlinzi. Majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda walipouangusha utawala wa Idi Amin Aprili 1979, askari wake waliokuwa katika kambi ya Moroto walikimbia, na wafugaji wa Karamoja wakajitwalia bunduki zilizobaki. Watu waliozoea kuibiana ng'ombe kwa mikuki walianza kuibiana kwa risasi. Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na maghala ya dola nzima yakabaki mikononi mwa yeyote aliyeyafikia kwanza. Sehemu ya silaha hizo ilivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Kenya, na nyingine zikafika Nairobi. Haikuwa lazima zije kwa shehena kubwa. Zilikuja moja moja na mbili mbili, zimefichwa ndani ya malori ya mifugo na ya mizigo, na kila hatua ya safari ikizidisha bei.

Bei hiyo inaeleza jambo ambalo wengi hawalifahamu. Bunduki iliyofika mjini ni mali ya thamani kubwa kupita uwezo wa kijana anayetumwa kuitumia. Mara nyingi, kama ilivyobainika Nairobi, kijana huyo haimiliki. Huikodi kwa usiku mmoja, huirudisha alfajiri, na mwenyewe hupata malipo yake bila kukanyaga mahali pa tukio. Usiku unaofuata bunduki ileile huwa mikononi mwa kundi jingine, katika mtaa mwingine. Kwa hiyo matukio kumi ya uporaji si lazima yawe kazi ya bunduki kumi. Yaweza kuwa kazi ya bunduki moja. Polisi wakimkamata kijana na kuikosa bunduki, wamepunguza mkodishwaji mmoja tu.

Ndugu wananchi, ni rahisi kuridhika na maelezo ya vita na mipaka, kwa kuwa yanaiweka lawama mbali nasi. Lakini upo mlango wa pili, nao uko ndani ya ofisi. Nitaueleza kwa kisa kimoja cha Afrika Kusini.

Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kali ya kudhibiti silaha. Mwaka 2005, na tena mwaka 2010, wananchi walipewa nafasi ya kusalimisha bunduki bila kushtakiwa. Maelfu yalisalimishwa. Pamoja na yale yaliyokamatwa, yalipelekwa katika maghala ya polisi yakisubiri kuharibiwa. Katika miaka iliyofuata sheria ile, vifo vya risasi nchini humo vilipungua. Kisha, baada ya mwaka 2010, katika mitaa ya Cape Town inayotawaliwa na magenge, vifo hivyo vilianza tena kupanda.

Mwishoni mwa mwaka 2013 maofisa wa polisi wa mkoa huo waliamua kufuatilia asili ya silaha badala ya kuwahesabu watuhumiwa tu. Walikuwa wamegundua kwamba bunduki nyingi zilizokamatwa mikononi mwa magenge zilikwanguliwa namba kwa namna iliyofanana, kana kwamba zimepita katika karakana moja. Hapa napenda nieleze jinsi namba iliyofutwa inavyosomwa. Muhuri unapogonga chuma, haukwaruzi uso wake tu, bali huishindilia na ile sehemu iliyo chini yake. Mhalifu akipiga tupa mpaka namba isionekane, chuma kilichoshindiliwa bado kimo. Mtaalamu wa maabara husugua mahali hapo mpaka pawe laini, kisha hupaka tindikali. Tindikali hula chuma kilichoshindiliwa kwa kasi tofauti na kile cha pembeni, na namba hujitokeza tena. Mhalifu akiikwangua kwa kina zaidi, haitasomeka. Lakini wengi hawajui wakwangue kiasi gani.

Namba ziliposomwa na kulinganishwa na vitabu, jibu lilikuwa la kutisha. Bunduki hizo zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa polisi, na kwa mujibu wa kumbukumbu, baadhi yake zilipasa ziwe zimekwisha kuharibiwa. Ufuatiliaji ulifika katika mkoa wa Gauteng, kwa Kanali Chris Prinsloo, aliyekuwa na dhamana ya kutunza silaha zilizosubiri kuharibiwa. Alikamatwa mwaka 2015. Mwaka 2016 alikiri makosa yake mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 18. Alikuwa ameuza bunduki zipatazo 2,000, ambazo ziliishia kwa magenge.

Wataalamu walilinganisha pia risasi na maganda yaliyookotwa penye mauaji. Kila mtutu una mifereji inayoacha mikwaruzo yake katika risasi, na kila pini ya kufyatulia huacha alama yake katika kitako cha ganda. Kwa alama hizo silaha za ghala lile zilihusishwa na mauaji zaidi ya 1,000. Miongoni mwa waliopigwa risasi walikuwamo watoto. Fikirini, ndugu zangu, juu ya raia mwema aliyeisalimisha bastola yake kwa hiari ili mtaa uwe salama. Bastola hiyo ikageuzwa chombo cha kumwulia mtoto wa mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Yapo mafunzo mawili katika kisa hiki, na ninyi watumishi mtayatambua upesi, maana ni mambo ya leja na ghala. La kwanza, kuandika kwamba kitu kimeharibiwa si kukiharibu. Nafasi ya udanganyifu huwa kati ya siku silaha inapopokewa na siku inapoyeyushwa, na kadiri muda huo unavyorefuka ndivyo nafasi inavyopanuka. La pili, mwenye dhamana ya ghala hapaswi kuwa ndiye anayeaminiwa peke yake katika hesabu yake. Hapana budi ahesabu mtu mwingine, kwa kusoma namba moja moja katika chuma, si kwa kuhesabu masanduku, na ashuhudie namba hizohizo zikiingia motoni.

Nasi Tanzania tunao mlango wetu, nao ni wa uporaji wa silaha za walinzi wenyewe. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu wakauawa, wakiwamo askari wanne, na silaha zikaporwa. Agosti 2016, huko Mbande, askari wanne waliokuwa katika kazi ya kulinda benki waliuawa, na bunduki zao zikachukuliwa. Katika matukio haya bunduki yenyewe ilikuwa ndiyo mali iliyotafutwa. Bunduki tunayoiweka mlangoni ili kumzuia jambazi yaweza kuwa ndiyo inayomwita, iwapo imekabidhiwa kwa walinzi wachache mahali pasipo na ngome.

Nchi za eneo letu zilikwisha kuliona tatizo hili. Zilitoa Azimio la Nairobi Machi 2000, na Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi inayozitaka kutia alama silaha zote, zikiwamo za dola, na kutunza kumbukumbu zake. Tanzania ilitunga sheria yake mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Mwezi Novemba 2016 Kenya iliteketeza hadharani, huko Ngong, bunduki haramu 5,250. Kuchoma hadharani si maonyesho tu. Ndiyo njia ya kuufunga ule mwanya wa Gauteng.

Hata hivyo tusijidanganye juu ya alama. Bunduki ikitunzwa hudumu miaka hamsini na zaidi, na zile zilizotoka maghala ya mwaka 1979 na 1991 zilitoka kabla ya makubaliano haya. Aidha, alama ya bunduki haisemi lolote juu ya risasi. Bunduki hufyatuliwa maelfu ya mara, lakini risasi hutumika mara moja tu. Kwa hiyo jambazi hurudi kwa muuzaji kila mara, na risasi, ikitoka ghala la dola, hutoka chache chache mfukoni, kwa kisingizio kwamba zimetumika katika mazoezi. Daftari linalohesabu bunduki kila asubuhi, lakini haliulizi maganda ya risasi zilizotumika, limefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Lipo pia jambo la majumbani. Mzee mwenye kibali cha bunduki anapofariki, kibali hakirithiwi pamoja na kabati. Mara nyingi familia hunyamaza, kwa hofu au kwa kutojua, na silaha hubaki chini ya kitanda mpaka mjukuu au mwizi aigundue. Walimu na watumishi ndio wanaoombwa ushauri katika misiba na mirathi. Neno lenu moja, kwamba silaha ya marehemu ipelekwe polisi na familia idai hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha hiyo, laweza kuiondoa bunduki moja katika mzunguko ule wa kukodishwa. Hati hiyo nayo itunzwe vizuri, maana ndiyo shahidi wa pekee atakayebaki nje ya ghala siku hesabu ya ghala itakapotiliwa shaka.

Jambazi anapouawa, tunauliza jina lake, kijiji chake na wenzake. Tuulize pia namba ya bunduki yake, na tuulize ilitoka katika daftari la nani. Swali hilo lisipojibiwa, bunduki nyingine itatoka kwa njia ileile.